Programu isimwambie mtu "hujaambatisha kitu"

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, na leo nimerudi kuungama. Miaka ya nyuma niliandika programu ndogo ya kupokea maombi ya kazi, nikajivunia kweli kweli, kumbe nilikuwa nawafungia watu mlango. Nitasimulia jinsi ilivyokuwa kisha niseme maoni yangu, na asiyekubaliana nami uwanja wa maoni uko hapo chini.

Ilikuwa Mei 2024, katika kampuni moja ndogo hapa Nairobi (jina tuliache). Walitangaza nafasi ya mhasibu msaidizi, na barua pepe zikaanza kumiminika. Dada wa idara ya wafanyakazi alikuwa akifungua moja moja, anapakua, anabadilisha jina la faili, anahifadhi. Nikamwambia, "Dada, kazi hii tarakilishi itaifanya usiku ukiwa umelala." Nikaandika mistari kama 60 ya Python. Kila barua ikiingia, programu inatafuta sehemu ya aina ya `application/pdf` au ya Word, inaihifadhi kwenye folda, na barua isipokuwa na sehemu kama hiyo inajibiwa: "Ombi lako halina kiambatisho, kwa hivyo halitashughulikiwa."

Zilikuja barua 312. Programu ikasema 241 zina viambatisho na 71 hazina. Bosi akafurahi.

Siku ya tatu simu ya ofisi ikalia. Alikuwa kijana anapiga kutoka Kitui. "Samahani, mmeniandikia kwamba sikuambatisha kitu. Mimi nilituma stakabadhi zote, mpaka cheti cha tabia njema." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. Nikafungua barua yake huku nikijiandaa kumwonyesha kosa lake. Stakabadhi zilikuwepo zote, ila zilikuwa kiungo cha Google Drive.

Ukijaribu kuambatisha mzigo unaozidi megabaiti 25 kwenye Gmail, Gmail haikukatalii. Inaupandisha kwenye Drive na kuweka kiungo ndani ya barua. Mtumaji anaona ameambatisha. Mpokeaji mwenye macho anaona kiungo. Programu yangu iliona barua tupu. Huyu kijana alikwenda saiba, akaskaniwa wasifu, vyeti vya shule, barua ya KRA, ya HELB na vingine, vyote kwa rangi na kwa ubora wa juu, ndiyo maana mzigo ukawa mzito. Yaani aliyejitahidi zaidi ndiye aliyeambiwa hakutuma kitu!

Nikakaa usiku huo kusoma zile 71 kwa mkono. Barua 28 zilikuwa na PDF safi kabisa, ila simu au programu ya barua ya mtumaji iliiandika kuwa `application/octet-stream`, maana yake "baiti tu, sijui ni nini". Viungo vya Drive vilikuwa 17. Waliopiga picha wasifu kwa simu wakatuma JPEG walikuwa 11. Tisa waliandika wasifu wote ndani ya barua yenyewe. Ambao kweli walisahau kuambatisha walikuwa sita. Sita kati ya 71!

Wengine watasema dawa ni kulegeza sheria, ukubali aina yoyote ya sehemu. Nilijaribu. Ikatokea kinyume chake: barua zisizo na wasifu zikahesabiwa zinao, kwa sababu ya nembo ndogo iliyo kwenye sahihi ya mtumaji, ile ambayo Outlook huiita `image001.png`. Kinachosaidia ni kutoamini jina la faili wala aina iliyoandikwa, bali kusoma baiti za mwanzo za faili lenyewe. PDF huanza na `%PDF-`. Faili la `.docx` huanza na `PK` kwa sababu ndani yake ni zip. Word ya zamani huanza na `D0 CF 11 E0`, na JPEG na `FF D8 FF`. Baada ya hapo fungua faili uone kama lina kurasa na kama halijafungwa kwa nywila. Nilikuta PDF mbili zilizofungwa, na wenyewe waliandika nywila ndani ya barua, jambo ambalo programu isingelijua kamwe.

Lakini kosa hilo angalau mtu mmoja alilipigia simu. Kosa la pili halikupigiwa simu na yeyote, na ndilo linalonitia aibu zaidi. Tazama mistari hii:

```python
jina = sehemu.get_filename()
with open(os.path.join(folda, jina), "wb") as f:
    f.write(sehemu.get_payload(decode=True))
```

Inaonekana haina ubaya. Sasa jiulize waombaji huyapa mafaili yao majina gani. `CV.pdf`. `My CV.pdf`. `Scan0001.pdf`. Kila `CV.pdf` iliyoingia ilifuta ile iliyotangulia, bila onyo, kwa sababu `"wb"` hufanya hivyo hivyo. Daftari la matukio lilisema mafaili 297 yamehifadhiwa. Nikahesabu yaliyomo kwenye folda: 188. Mafaili 109 yalikuwa yameyeyuka, na dada yetu alikuwa tayari ameanza kuchagua orodha fupi kutoka kwenye hayo yaliyobaki. Bahati nzuri ni kwamba barua zenyewe hatukuzifuta kwenye seva, basi nikayatoa upya. Hesabu hizo mbili, ya yaliyoandikwa na ya yaliyopo, ingenichukua sekunde tano siku ya kwanza.

Tangu hapo faili halibebi jina alilolipa mwombaji. Hilo nalihifadhi pembeni kwenye jedwali. Faili lenyewe linaitwa `0147_1.pdf`, `0147_2.pdf`, yaani namba ya mwombaji na namba ya kiambatisho. Na nalifungua kwa `"xb"` badala ya `"wb"`, ili Python ikatae kwa `FileExistsError` kama jina lipo tayari. Afadhali programu ianguke kwa kelele kuliko iendelee kwa ukimya.

Kuna mwenzangu aliuliza kwa nini nisitumie jina la mtu. Ndugu yangu, hapa Kenya mtu huyo huyo anaandika jina la baba mwisho kwenye wasifu, linatangulia kwenye cheti, na kwenye barua pepe kuna jina la ubatizo tu. Wenye majina mawili yanayofanana kabisa nao si wachache. Anwani ya barua pepe je? Nilikuta waombaji wawili waliotuma kutoka anwani moja, nadhani ni ya mwenye saiba au ya ndugu. Kwa hivyo namba tunatoa sisi, na kuunganisha barua mbili kuwa mtu mmoja ni kazi ya mtu, programu inapendekeza tu.

Sasa hatua. Hapa ndipo wengi wanaponipinga. Karibu kila ofisi niliyoiona huhamisha barua kutoka folda moja hadi nyingine: Mpya, Orodha fupi, Mahojiano, Hapana. Mimi nasema folda si hatua. Folda inakuonyesha barua iko wapi sasa, haikuonyeshi ilipitia wapi, nani aliisogeza, na lini. Kwetu bosi alikuwa akisogeza barua kutoka kwenye simu yake akiwa kwenye matatu, na dada akizisogeza ofisini, hakuna aliyejua la mwenzake. Tena folda inashika barua, haimshiki mtu. Mwombaji mmoja alituma ombi, kesho yake akagundua amekosea tarehe, akatuma tena. Barua ya kwanza ikaenda Hapana, ya pili ikaenda Mahojiano. Alasiri moja alipokea barua mbili kutoka kwetu, moja ya kumsikitikia na nyingine ya kumwita Jumatano saa tatu asubuhi. Akapiga simu kuuliza aamini ipi.

Tulichofanya ni kitu cha kawaida mno, jedwali ambalo mistari huongezwa tu, haifutwi:

```
0147,2024-05-06 09:12,imepokelewa,programu
0147,2024-05-09 14:40,orodha fupi,wafanyakazi
0147,2024-05-10 08:05,mahojiano,bosi
```

Hatua ya mtu ni mstari wake wa mwisho. Akirudishwa nyuma, unaongezwa mstari mwingine. Barua hazihami kabisa, zinabaki zilipoingia, na yeyote akiuliza kwa nini 0147 hakuitwa, jibu lipo na jina la aliyeamua lipo.

Na programu hairuhusiwi kuandika neno "hapana" kwenye jedwali hilo. Inaweza kuandika "imepokelewa" au "isomwe na mtu", basi. Hii si huruma tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na kumnyima mtu nafasi ya kazi kwa sababu ya `Content-Type` sioni litakuwa jepesi kwa vipi. Jibu letu la moja kwa moja nalo tulilibadilisha. Sasa linasema: "Tumepokea ombi lako, namba 0147. Mafaili tuliyoyaona ni haya," na orodha inafuata na majina yale yale aliyoyapa yeye. Kama kuna pungufu, yeye ndiye atakayeliona kwanza.

Yule kijana wa Kitui aliingia kwenye orodha fupi, akaja kwenye mahojiano. Kazi alipewa mwingine, lakini kwa haki.

Kuna waombaji ambao sikuwafikia. Seva yetu ilikuwa ya Postfix, na `message_size_limit` yake ya kawaida ni baiti 10240000. Kiambatisho kikisafiri kwenye barua pepe huvimba kwa zaidi ya theluthi moja kwa sababu ya base64, kwa hivyo mzigo wa megabaiti 8 hauingii. Mwenye mzigo mzito kupita kiasi alitufikia kama kiungo, wa megabaiti 3 aliingia, na wa katikati alirudishiwa barua yake, kwenye sanduku ambalo huenda hulifungua akienda saiba tu. Niliongeza kiwango hicho wiki ya pili. Kwenye kumbukumbu za seva za wiki ya kwanza nilikuta mistari 14 yenye namba 552. Ina saa, ina seva iliyojaribu kutuma. Majina hayamo.