Faili Yako Ni Nzima, Usikubali Kufomatiwa Kompyuta

Wacha niseme hili wazi, na mafundi wa saiba wanikasirikie wakitaka. Ukibonyeza faili mara mbili halafu ikafunguka kwa programu isiyo yake, hiyo si sababu ya kufomati kompyuta. Mara nyingi hata virusi hakuna. Faili ni nzima, na kilichoharibika ni chaguo moja dogo ambalo unaweza kulirudisha mwenyewe kwa dakika moja, bila kumlipa mtu.

Binamu yangu anakaa Kibokoni. Alikuwa na barua ya chuo ya kuombea atachimenti, PDF, na alitaka kuiprinti siku ile ile. Kubonyeza mara mbili, ikafunguka Notepad, ukurasa mzima umejaa alama za ajabu. Akajaribu PDF nyengine, mambo yale yale. Akapeleka kompyuta saiba moja upande wa Barabara ya Digo. Fundi akaitazama kidogo tu, akatoa hukumu: "Dadangu, hii imeingia virusi. Faili zimekorogeka. Mpaka tufomati, elfu moja mia tano, uje kesho." Na mle ndani mna notisi za miaka miwili, kopi hakuna popote. Bahati yake alinipigia simu kwanza.

Sasa hebu tazameni ushahidi uliokuwa mbele ya macho ya yule fundi. Juu kabisa ya zile alama, mstari wa kwanza, pameandikwa `%PDF-1.7`. Faili ya PDF huanza hivyo, kisha inafuata namba ya toleo. Kwa hivyo Notepad ilikuwa inasema kweli yake: hii ni PDF, mimi si msomaji wake. Nikamwambia aifunge bila kusevu, kwa sababu ukibonyeza Ctrl+S pale, Notepad inaweza kuandika upya zile alama kwa njia yake, na hapo ndipo faili nzima inapoharibika kweli. Kisha afungue Chrome, aikamate ile faili kwa mausi, aiburute mpaka ndani ya dirisha la Chrome na kuiachia. Barua ikatokea, safi, na mhuri wa chuo.

Hicho ndicho kipimo, na hakitaki fundi. Fungua kwanza programu yenyewe, halafu uiite faili kutoka ndani yake. Ikifunguka, faili haina kosa; kosa liko kwenye njia ya kuifikia. Ikikataa hata huko, na PDF nyengine zinakubali, basi faili hiyo ndiyo mbovu, labda haikumaliza kudaunilodi. Na hata hapo kufomati hakusaidii kitu. Daunilodi tena.

Mbona kompyuta hukosea? Kwa sababu ukibonyeza mara mbili, Windows haichungulii ndani ya faili. Inasoma mkia wa jina tu, yaani zile herufi baada ya nukta ya mwisho: `.pdf`, `.docx`, `.mp4`. Kisha inaangalia kwenye daftari lake mkia huo umeandikiwa programu gani, na inaikabidhi faili. Ni kama mikebe ya bizari kule Marikiti. Mwenye duka anasoma lebo, haonji kila mkebe. Na ndiyo maana ukibadilisha jina la `cv.docx` likawa `cv.pdf` hujageuza chochote. Umebandika lebo ya mdalasini kwenye mkebe wa iliki.

Kwenye kompyuta ya binamu yangu, kuna mtu wakati fulani alichagua Notepad kwa PDF moja, akabonyeza `Always` badala ya `Just once`. Basi. Chaguo hilo likashika PDF zote, hata zile ambazo hakuna aliyezigusa. Ndiyo maana ilionekana kama ugonjwa umeenea.

Kurekebisha ni hivi. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda `Open with`, kisha `Choose another app`. Chagua programu unayoitaka. Kwenye Windows 11 malizia na `Always`. Kwenye Windows 10 weka tiki kwenye `Always use this app to open .pdf files`, halafu `OK`. Fanya kwa faili moja tu, zote zenye mkia huo zitafuata.

Najua kuna video za kukwambia ufungue dirisha jeusi uandike amri kama hii:

```
assoc .pdf
```

Amri hiyo inasoma daftari la kompyuta nzima. Lakini kuna daftari la pili, lako wewe mtumiaji, na hilo ndilo lenye neno la mwisho. Tangu Windows 8, chaguo lako huwekwa mahali panapoitwa `UserChoice` pamoja na alama ya siri ya kulinda lisichezewe. Ukilibadilisha kwa mkono, alama haitalingana na Windows italitupa. Kwa hivyo utaandika amri mpaka Maghrib, utaambiwa imekubali, na PDF itaendelea kufunguka Notepad. Pita njia ya `Open with`.

Lawama si za fundi peke yake. Windows yenyewe inaficha mikia ya majina tangu siku ya kwanza. Kitu pekee inachokitumia kuamua, ndicho inachokunyima kukiona! Matapeli wanaipenda sana tabia hiyo. Mtu anakutumia `CV.pdf.exe`, wewe unaona `CV.pdf`, unabonyeza, na hapo umeendesha programu ya mtu usiyemjua. Leo hii fungua folda yoyote. Windows 11: `View`, `Show`, `File name extensions`. Windows 10: `View`, kisha tiki kwenye `File name extensions`. Kuanzia hapo utakuwa unaona anachokiona bosi.

Sisemi virusi havipo. Kama kila aikoni ya programu unayobonyeza, iwe Word au Chrome, inafungua programu ile ile moja, hapo mkia ulioguswa ni `.exe` au `.lnk`, na kuna virusi vilivyowahi kufanya mchezo huo. Hilo mpe fundi anayejua. Hata hivyo mwambie atoe kopi ya vitu vyako kwanza, ndipo aguse chochote.

Kufomati kunaponya tatizo hili, sikatai. Hata kubomoa nyumba kunaponya kitasa kibovu. Lakini hauvunji nyumba Mji wa Kale kwa sababu ufunguo umeingia mlango wa jirani. Elfu moja mia tano ni pesa ya mwanafunzi, na notisi za miaka miwili hazinunuliki.

Kwa hivyo fundi akikwambia "mpaka tufomati", usibishane naye. Muulize swali moja tu: "Kaka, umejaribu kuifungua faili kutoka ndani ya programu yake?" Akikosa jibu, funga kompyuta yako, sema ahsante, ondoka.