Mkataba Ukirudi, Tusiangalie Tulichoomba Peke Yake

Mwaka jana klabu yetu ilikodi ukumbi kwa ajili ya Usiku wa Kiswahili. Mkataba ulikuwa na vifungu 12, na baada ya mazungumzo ya mwanzo tuliomba marekebisho matatu ya mwisho. La kwanza, jina la klabu lilikosewa. La pili, muda wa kumaliza usogezwe kutoka saa nne hadi saa sita usiku. La tatu, kifungu cha 6 kifutwe, maana kilitulazimisha kutumia wapishi wa ukumbi, na sisi tulishapanga mama zetu watapika pilau.

Baada ya siku mbili mkataba ukarudi. Marekebisho yetu matatu yalionekana kwa rangi nyekundu, kila moja mahali pake. Mweka hazina alikuwa ameshatoa kalamu, na mimi kama katibu nilikuwa nyuma yake. Aliyetuzuia ni dada mmoja wa mwaka wa tatu ambaye likizo hufanya kazi katika ofisi ya mawakili. Alituuliza, "Mliyoyaomba mmeyaona. Na msiyoyaomba je?"

Naandika makala haya kwa sababu ya swali hilo. Maoni yangu ni kwamba klabu isitie saini mkataba wowote uliorekebishwa kabla ya kuulinganisha wote, neno kwa neno, na nakala tuliyoituma sisi. Kuangalia kama tulichoomba kimefanyika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba hakuna kingine kilichobadilika.

Wengi wetu tunaamini ile rangi nyekundu. Inatoka kwenye Track Changes ya Microsoft Word, ambayo huonyesha mabadiliko yaliyofanywa wakati imewashwa. Mtu akiizima kwa dakika mbili, au akianza na faili ambalo si lile tulilokubaliana, rangi haitasema lolote. Rangi hiyo inatueleza kilichofanyika ndani ya faili lao. Haijui faili letu lilikuwaje.

Kulinganisha ni kazi nyingine, na haina ugumu. Dada yule alifungua Word, akaenda Review, kisha Compare. Kwenye Original document akaweka nakala tuliyoituma, na kwenye Revised document ile iliyorudi. Akabonyeza More, akaondoa alama kwenye Formatting ili mabadiliko ya mwandiko na nafasi za mistari yasitujazie ukurasa. Mengine yote aliyaacha, hasa majedwali na maandishi ya juu na chini ya ukurasa, kwa kuwa bei na tarehe hupenda kukaa huko. Word ikatoa hati ya tatu yenye tofauti zote.

Tulitarajia tofauti tatu. Zilikuja nne. Katika kifungu cha kuahirisha, siku 14 za kutoa taarifa zilikuwa zimekuwa 28. Nasi tulishakubaliana juu ya siku 14 katika mazungumzo ya mwanzo!

Hapo baadhi yetu walianza kunong'ona kwamba tunaibiwa. Lakini tazama aina ya kosa lenyewe. Siku 28 ndizo zilizokuwa kwenye mkataba wa kwanza kabisa, kabla hatujazungumza. Jambo mlilokwisha kukubaliana likirudi lilivyokuwa zamani, mara nyingi maana yake ni kwamba mwenzako amefungua faili la zamani na kuandika marekebisho mapya juu yake. Ndivyo ilivyokuwa. Tulimwandikia karani wa ukumbi kwa adabu, tukamtajia kifungu na tarehe ya makubaliano, akaomba radhi siku hiyo hiyo. Alikuwa ameonyesha kwa uaminifu kila alichobadilisha, ila alianzia mahali pasipo.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningesema tumieni Compare na mambo yamekwisha. Haikuishia hapo.

Dada yule alitutaka tuchapishe nakala safi, mmoja asome kwa sauti na mwingine afuate kwa penseli kwenye nakala ya zamani. Tulisoma hata nukta na tarakimu. Kila tulipokuta maneno "kifungu cha" na namba, tulisimama, tukaenda kutazama kifungu hicho kinasema nini. Tukafika kwenye kifungu cha amana. Kilisema mwenye ukumbi anaweza kuzuia amana yote, yaani pauni 200, kwa mambo yaliyotajwa katika kifungu cha 8. Katika nakala ya zamani kifungu cha 8 kilihusu uharibifu wa mali. Lakini kifungu cha 6 kilipofutwa, vya chini yake vyote vilipanda ngazi moja. Uharibifu sasa ulikuwa wa 7, na cha 8 kilikuwa kinahusu usafi. Kwa hiyo punje za pilau chini ya meza zingetosha kutunyang'anya pauni 200, na mtu akivunja kioo, kifungu hicho hakimgusi.

Compare haikuonyesha kitu hapo, na haikukosea. Sentensi ya amana haikubadilika hata herufi moja. Namba za vifungu ziliwekwa na programu yenyewe, zikajipanga upya, ila ile "8" ndani ya sentensi ilikuwa imeandikwa kwa mkono, ikabaki palepale. Sisi wenyewe ndio tulioleta kosa hilo, kwa kuomba kifungu kifutwe bila kufikiria nani anakitegemea. Na lilimwumiza mwenye ukumbi kuliko sisi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kulinganisha ni kumtilia mtu shaka. Karani alitushukuru.

Nimesikia hoja nyingine, kwamba sisi ni wanafunzi na hatuna muda. Kulinganisha kwa kompyuta kulichukua dakika chache. Kusoma kwa sauti kulichukua kama saa moja, watu wawili. Ninaiona bei hiyo kuwa ndogo kwa klabu ambayo amana yake inatokana na michango ya wanachama.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa kamati mpya. La kwanza, katibu atunze kila nakala inayotumwa, jina la faili likiwa na tarehe, pamoja na orodha ya marekebisho tuliyoomba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba ukirudi, kila tofauti itafutiwe mahali pake kwenye orodha, na kila kilicho kwenye orodha kitafutiwe tofauti yake. Kikibaki kimoja upande wowote, hakuna saini.

La pili, baada ya kompyuta wasome watu wawili kwa sauti, na wafuate kila rejeo la kifungu hadi mwisho wake. Hili ni la lazima zaidi mkataba ukirudi kama picha iliyoskaniwa, kwa sababu hapo Word haina maneno ya kulinganisha. Afadhali kwanza tumwombe mwenzetu atutumie faili lenyewe.

Mkataba wa ukumbi wa mwaka huu unatarajiwa kurudi mwezi ujao. Nakala tuliyoituma ninayo, na orodha ina mambo mawili tu. Namtafuta mmoja wa kusoma nami.