Tumbo halipumziki kwa njaa (Sehemu ya 4)

Leo nimekuja na maneno makali kidogo, mnisamehe. Katika sehemu tatu zilizopita niliongea kwa upole kuhusu kuharisha, halafu nikasoma mlichoandika chini. Mama karibu kumi wameniambia kitu kimoja: "Nesi, mimi mwanangu akiharisha simpi chakula, nampa uji mwepesi tu ili tumbo lipumzike."

Hapo ndo napotaka tugombane.

Nikupe kisa kimoja. Mama mmoja anaishi huku huku Chimwaga, mtoto wake ana mwaka mmoja na miezi miwili. Alimleta siku ya nne ya kuharisha. Choo kilikuwa kimeanza kupungua, ila mtoto alikuwa amelala begani kama kitambaa. Kadi ya kliniki ilionyesha kilo 9.3 mwezi uliopita, nikampima nikapata 8.6. Nikamuuliza, anakula nini? Akasema kwa kujiamini kabisa, "Uji wa mchele, nesi, anakunywa siku nzima." Na kweli alikuwa nao kwenye chupa ya chai. Nikamwambia nimiminie. Ulitoka kama maziwa ya kwenye pakiti, unashuka tii mpaka chini ya kikombe, haukuacha hata alama ukingoni.

Lita nzima ya maji ilikuwa na vijiko viwili vya chakula vya unga wa mchele.

Sasa tupige hesabu, maana hapa siyo suala la maoni. Vijiko viwili vya unga wa mchele ni kama gramu 20, na gramu 20 za mchele zina kalori kama 70. Mtoto hakumaliza chupa, alikunywa nusu yake toka asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo alipata kalori 35 kutwa nzima, ukiondoa ziwa la mama. Ndizi mbivu moja ya kawaida inazidi hapo mara mbili. Mtoto wa umri ule, hata kama ananyonya vizuri, anahitaji kalori 500 na kitu kutoka kwenye chakula. Mama yule hakuwa mzembe, alikesha na mtoto siku nne. Alikuwa anamnywesha maji yaliyotiwa rangi ya mchele na moyo wake umetulia kwamba mtoto anakula.

Najua mama mkwe na jirani watakwambia nini. Watasema uji mzito unaongeza kuharisha. Niseme ukweli, hata sisi wauguzi na madaktari huko nyuma tulifundisha hivyo hivyo, tumbo lipewe mapumziko siku moja au mbili. Fundisho hilo lilishaachwa zamani. Ngozi ya ndani ya utumbo iliyochubuliwa na ugonjwa inajengwa upya kwa chakula kinachopita hapo hapo. Ukiukausha utumbo, unachelewesha kupona. Na wanga wa mchele uliopikwa ukalainika ni kitu ambacho utumbo unakimudu hata wakati wa kuharisha: unavunjwa polepole kuwa sukari, na sukari hiyo ikipita kwenye ukuta wa utumbo inavuta chumvi na maji kuingia nayo mwilini. Ndiyo maana kule Dhaka, Bangladeshi, madaktari wa kipindupindu walifika mahali wakatengeneza maji ya chumvi kwa unga wa mchele badala ya sukari. Mchele hauna kosa, mama. Kosa ni wingi wa maji.

Sasa tupike pamoja.

Nenda Majengo au Sabasaba, usinunue mchele wa sherehe. Omba chenga, ule mchele uliovunjika vunjika. Ni bei nafuu na unalainika haraka. Pima nusu kikombe cha chai, ambayo ni kama gramu 100. Osha, loweka nusu saa. Weka kwenye sufuria na vikombe vinne vya maji, yaani lita moja. Uchemke, kisha punguza moto, funika ukiacha mwanya, na uwe unageuza kwa mwiko usishike chini. Dakika 30 hadi 40. Utaona punje zinapasuka na zinaanza kujiyeyusha zenyewe. Kama bado unaona punje nzima zinaogelea kwenye maji, huo siyo uji bado, endelea. Kwa mtoto mdogo uponde na mwiko au uchuje kwenye chujio la chai ukisukuma na kijiko.

Kipimo changu ni hiki: chota kijiko, kiinamishe. Uji ukimwagika kama maji, rudisha jikoni. Ukidondoka kwa matone mazito na mwingine ukabaki kwenye kijiko, umefika. Hapo utapata vikombe kama vitatu kasoro.

Chumvi: unayoishika kwa vidole viwili, basi. Na huku kwetu onja maji kwanza! Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi yake tayari, mwenyeji anajua hata chai inavyobadilika ladha. Kama maji yako ni hayo, usitie chumvi kabisa. Sukari tia kidogo sana au acha. Sukari nyingi inavuta maji kuingia ndani ya utumbo na choo kinazidi, na hiyo ndiyo shida ya soda na juisi za pakiti mnazowapa watoto mkidhani mnawatia nguvu.

Kisha kwenye kila bakuli weka kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia. Usiogope. Bakuli lenye uji robo tatu ya kikombe lina kalori kama 100, mafuta yale yanaongeza 40. Mabakuli manne kwa siku umeshafika 560. Uji ule ule, sufuria ile ile.

Mtoto mgonjwa hatamaliza bakuli, najua. Usimkabe. Mpe vijiko vichache kila baada ya saa mbili au tatu, hata mara sita kwa siku, na ziwa kati kati bila kuhesabu. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena taratibu. Siku ya pili au ya tatu, akianza kudai, changanya yai lililochemshwa likapondwa au dagaa waliosagwa. Akipona, mwongezee mlo mmoja zaidi kwa siku kwa wiki mbili, arudishe alichopoteza.

"Nesi, wangu anakataa mzito, anataka wa kunywa." Hii ni kweli, mdomo umekauka, mtoto amechoka kutafuna. Jibu lake liko jikoni kwa bibi zetu siku zote, ni kimea. Kile cha kukuzia pombe. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikifanyia kazi miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto, na mimi nashangaa tumekisahau. Pika uji wako mzito kama nilivyosema, epua, uache upoe kidogo mpaka uwe wa moto lakini hauunguzi ulimi. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea cha ulezi, koroga. Ndani ya dakika chache utauona unalegea mbele ya macho yako mpaka unanyweka. Kimea kinakata kata wanga, lakini chakula hakijapungua hata chembe. Kisha rudisha jikoni uchemke tena, maana unga wa kimea una vijidudu vyake. Tumia cha ulezi, siyo cha mtama, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu, na si kila muuzaji anayatoa vizuri.

Kuhusu supu, maana najua inakuja. Supu ya kuku wa kienyeji ni tamu, inamfungua mgonjwa hamu, na kwa baba mwenye nyumba aliyekula kitu barabarani ni nzuri sana. Lakini supu iliyochujwa ni maji, chumvi na harufu nzuri. Haishibishi mtu. Itumie badala ya maji ya kupikia hizo chenga: chemsha mifupa na nyama bila pilipili, engua mafuta ya juu, halafu mchele uingie humo. Vichemraba vya supu kwa mtoto hapana, vimejaa chumvi.

Na tusichanganye mambo. Uji ni chakula, ORS ni ya kurudisha maji. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Mtoto chini ya miaka miwili, kila akiharisha mpe ORS robo hadi nusu kikombe kwa kijiko, pamoja na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14 hata kama choo kimeshakata. Kama pakiti haipo usiku huo, yale maji mepesi ya mchele yenye chumvi kidogo yatakusaidia mpaka kukuche. Hapo ndo kazi yake halali. Na mtoto chini ya miezi sita hahusiki na uji wowote, yeye ni ziwa na ORS.

Nirudi kwenye ile chupa ya chai, kwa sababu iliniudhi kuliko vyote. Uji ulipikwa saa kumi na mbili asubuhi, ulikuwa unanyweshwa hadi jioni. Kwenye mchele kuna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Uji ukishakuwa vuguvugu zinaamka, zinazaliana, zinatoa sumu inayotapisha, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Hautanuka, hautachacha, hutaona kitu. Uji ukipoa, uliwe ndani ya saa mbili, unaobaki kula wewe au mwaga. Pika kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Ndiyo, ni kazi, na mkaa una bei. Mama yule alinijibu hivyo hivyo, tukakubaliana apike asubuhi na alasiri, mchana mtoto apewe ndizi mbivu iliyopondwa na ziwa. Baada ya wiki mbili alimrudisha kupima, kilo 9.2, na mtoto alinipiga kofi nilipomweka kwenye mizani.

Usisubiri uji wangu kama mtoto ana damu kwenye choo, anatapika kila anachopewa, hawezi kunywa au kunyonya, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole, au amelegea huwezi kumwamsha. Hapo beba mtoto, beba ORS umnyweshe njiani kama anaweza kumeza, uje.

Sehemu ya 5 ni ya zinki, maana kuna mama ameniandikia kwamba aliacha siku ya tatu.