Akiba Ndogo Kabla ya Deni Kubwa

Mtu aliyeacha kubeti wiki tatu zilizopita huwa na hamu moja kuu, nayo ni kulipa madeni yote kwa mkupuo. Hamu hiyo ni ya heshima, na jamaa huishangilia. Hata hivyo, katika miezi ya mwanzo ni hamu ya kutazamwa kwa tahadhari, kwa kuwa humwacha mtu bila shilingi hata moja ya kukabili homa ya mtoto au pancha ya tairi, na ni katika upungufu wa namna hiyo ndipo mkeka wa shilingi elfu mbili huanza tena kuonekana kama njia ya kutokea. Maoni yangu ni kwamba akiba ndogo ya dharura itangulie kujazwa huku madeni yakilipwa polepole, na kwamba mpango huo uandikwe katika faili la mgonjwa kama tunavyoandika dozi ya dawa.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kuna tofauti moja ambayo mhudumu wa afya hana budi kuikumbuka. Mlevi aweza kuishi bila kugusa chupa, ilhali aliyeacha kamari hulazimika kushika fedha kila siku, tena mara nyingi katika simu ileile aliyobetia. Kwake yeye bajeti ni sehemu ya tiba.

Tuchukue mfano wa dereva wa bodaboda wa Mbagala mwenye mke na watoto wawili. Baada ya mafuta hubakiwa na shilingi 22,000 kwa siku, na hufanya kazi siku sita. Mapato yake ya wiki ni 132,000. Hesabu ya mwenye pikipiki ni 8,000 kwa siku, yaani 48,000, hivyo mkononi hubaki 84,000. Chakula cha nyumbani ni 42,000, sehemu ya kodi ya chumba 10,000, oili na matengenezo madogo 5,000, na maji, umeme, vocha na mahitaji ya shule 9,000. Zinasalia 18,000. Bajeti hii ni ya wiki kwa makusudi. Kwa mtu aliyezoea kuitoa fedha saa ileile aliyoipata, mwezi ni mrefu mno. Kosa la Jumanne halipaswi kungoja tarehe 30 ndipo lionekane.

Madeni yake ni matatu: 35,000 za mkopo wa simu, 150,000 za mkopo wa kausha damu, na 120,000 za shemeji. Jumla ni 305,000. Akizipeleka zile 18,000 zote kwenye madeni, atamaliza katika wiki 17. Akitenga 8,000 za akiba na 10,000 za madeni, baada ya wiki 8 atakuwa na akiba ya 64,000 na deni la 225,000. Kisha akizielekeza 18,000 zote kwenye deni, atamaliza katika wiki 13 nyingine. Amechelewa wiki nne tu. Kwa wiki hizo nne amenunua uwezo wa kumpeleka mtoto zahanati usiku bila kukopa, nami naona bei hiyo ni nafuu.

Hesabu hiyo hufaa iwapo riba haiongezeki. Kwa hiyo mkopo wa simu, ambao tozo zake hupanda kadiri siku zinavyopita, ulipwe kwanza. Kwa 10,000 za wiki utakwisha katika wiki ya nne. Mkopeshaji wa kausha damu afuatwe mapema, ikiwezekana pamoja na mjumbe wa mtaa, ili riba isimame na malipo madogo yaandikwe. Akikataa, yeye ndiye apewe sehemu kubwa, na shemeji aombwe kusubiri. Shemeji husubiri kwa urahisi zaidi akiambiwa ukweli pamoja na tarehe kuliko akikwepwa. Mkopo wa simu ukishalipwa, mara nyingi huja ujumbe wa kumpongeza mteja kwamba kiwango chake cha kukopa kimepanda. Siku hiyohiyo ajiondoe katika huduma hiyo, kwa maana ujumbe huo kwake ni mwaliko wa kurudi.

Washauri wa fedha husema akiba ya dharura itoshe matumizi ya miezi mitatu au sita. Kwa mgonjwa huyu, na katika kipindi hiki, siafiki. Fungu kubwa humwita kama mtaji. Kiasi kinachotosha ni kile cha kukidhi mikasa ya kawaida ya nyumba yake: usafiri wa usiku na dawa, tairi la pikipiki, na siku mbili tatu za hesabu asipoweza kutoka kazini. Zile 64,000 zinatosha. Michango ya harusi si dharura, ijapokuwa kadi huletwa kwa msisitizo mkubwa. Mchango wa msiba nao utengewe kiasi chake katika bajeti.

Akiba hiyo isikae kwenye simu. Penye deni la simu, fedha inayoingia yaweza kukatwa papo hapo. Pasipo deni, kampuni ya kubeti iko umbali wa kubonyeza mara chache. Abiria wakilipa kwa simu, fedha itolewe jioni ileile, na makato yahesabiwe kuwa gharama ya kazi. Ninapendelea akiba igawanywe: 15,000 taslimu kwa mtu wa nyumbani aliyekubaliwa, kwa ajili ya usiku, na iliyobaki katika kikundi cha kuweka na kukopa ambacho sanduku lake lina kufuli tatu na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Vikundi vingi vya namna hiyo vina pia mfuko wa jamii wa kusaidia wanachama wakati wa shida. Mtu wa nyumbani si lazima awe mke. Penye ugomvi au kipigo, kumkabidhi mke fedha ambazo mumewe atazidai usiku ni kumweka hatarini. Dada au mama mkubwa afaa zaidi.

Mpango unaoharibika huonyesha dalili kabla haujavunjika. Akiba “huazimwa” mara mbili bila risiti ya kilichonunuliwa. Laini mpya ya simu huonekana. Fedha za Jumamosi, siku yenye mechi nyingi, hufika nyumbani pungufu huku za Jumatatu zikiwa kamili. Mhudumu aulize mambo hayo bila ukali, kisha aulize waziwazi kama mgonjwa amewahi kuwaza kujidhuru, hasa wadai wanapokuwa wakali. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo, na akijibu ndiyo, habari za bajeti zisitishwe na usalama wake ushughulikiwe siku hiyohiyo.

Akiteleza na kubeti, akiba isivunjwe ili kufidia kilichopotea. Wiki hiyo iandikwe kama ilivyokuwa, na wiki inayofuata 8,000 zirudi mahali pake. Akiba ikifika 64,000 isiongezwe hadi deni liishe. Ikitumika kwa dharura ya kweli, malipo ya deni yapunguzwe tena kufikia 10,000 mpaka ijae. Hapo ndipo mgonjwa wengi hukata tamaa, wakidhani wamerudi nyuma, kumbe akiba imefanya kazi iliyowekewa.