"Endelea Kukua" Si Jibu, Bosi

Barua ya kumwambia mfanyakazi wako kwamba hakupata cheo ina maswali mawili ya kujibu: nimepungua wapi, na nitajazaje hilo pengo nikiwa hapa hapa kazini? Nyingi ninazoonyeshwa na vijana wenzangu hapa Lamu hazijibu hata moja.

Chukua ya rafiki yangu, kwenye hoteli moja ya Shela. Misimu miwili amesimamia mapokezi bila cheo. Nafasi ilipotangazwa akaomba, akahojiwa, akaandikiwa: "Ushindani ulikuwa mkali. Endelea kukua, na usisite kuomba tena." Wiki iliyofuata akaambiwa amfundishe kazi yule aliyeletwa kutoka nje. Jamani!

Sisemi kila anayekosa ameonewa. Pengine yule mwingine alistahili. Lakini mtu wa nje akikosa anaenda zake, wa ndani kesho anarudi kwenye meza ile ile. Angeandikiwa hivi: "Kwa wageni na kwa kupanga zamu ulifanya vizuri. Ulipungua kwenye kufunga hesabu za siku, kulinganisha pesa za droo na risiti. Kuanzia mwezi ujao utazifunga na mhasibu mara 2 kwa wiki. Tutakupima tena hoteli ikifunguliwa baada ya mvua." Sentensi nne tu. Na akishazijua hesabu halafu wamkatalie tena, atajua shida haikuwa hesabu.

Mabosi husema wakiandika sababu watashtakiwa. Haya, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi katika kupandisha watu vyeo. Kesi ikifika kortini, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sasa yule ambaye hakuandika sababu yoyote atamwonyesha hakimu nini? Ukimya haumlindi, unamwacha mikono mitupu.

Na wewe uliyeandikiwa, usijibu "asante" ukanyamaza. Alama zako na maoni waliyoandika juu yako ni data yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuiona, na kanuni za 2021 zinampa mwajiri siku 7 kukujibu, bila malipo. Tuma imeli, taja tarehe ya mahojiano na cheo ulichoomba, kisha omba alama na maoni hayo. Za mwenzako hutapewa, na kuziona zako hakukupi cheo. Wakikupuuza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data.

Karatasi ikija na alama, utajua pa kuanzia. Ikija tupu, yani hakuna hata aliyekupima, basi utajua kiti kilikuwa na mwenyewe kabla hujaingia mlangoni.

Bosi, ukitaka nikue, niambie nimepungua wapi.