Kipakatalishi Kinapolazwa Kabatini Wakati wa Masika

Wengi wetu hudhani kwamba kifaa kisichotumika hakichakai. Kipakatalishi hakimo katika hesabu hiyo. Betri yake huendelea kuzeeka ingawa imetulia, na hewa yetu ya bahari haipumziki.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayeondoka Mombasa mwanzo wa Aprili, akakiacha kipakatalishi nyumbani hadi Agosti. Akiiacha betri imejaa pomoni, joto la chumba kilichofungwa litaiharibu upesi. Akiiacha tupu, hasara ni kubwa zaidi: betri ya lithiamu hupoteza chaji kidogo kidogo hata bila kutumiwa, na ikishuka mno hujifunga yenyewe kwa usalama, isikubali kuchajiwa tena. Basi na aiache kwenye asilimia 50 hivi. Kisha akizime kabisa kwa kuchagua Shut down, wala si Sleep, maana mashine iliyosinzia huendelea kula umeme. Ifikapo Juni, mtu wa nyumbani akiwashe. Akiikuta betri imeshuka hadi asilimia 30, airudishe 50, akizime tena.

Kabla ya kukihifadhi, apanguse vumbi kwa kitambaa laini kikavu, na matundu ya feni ayapitishie brashi ndogo. Vumbi la pwani huchanganyika na chumvi, nayo chumvi huvuta maji yaliyo hewani. Utando huo ukikaa miezi juu ya vyuma vidogo vya ndani, huvila polepole kwa kutu.

Kisha akitie katika kasha lenye kifuniko kinachobana, siku isiyo ya mvua, pamoja na vifuko vipya vya silika vinyonyavyo unyevu. Vifuko vilivyokaa wazi tangu zamani vimekwisha kushiba, havifai. Mchele nao si badala yake, kwa kuwa huacha unga na kuita wadudu. Mfuko wa plastiki bila silika hufungia unyevu ndani. Kasha liwekwe juu ya rafu, mbali na sakafu, na ukuta unaolowa mvua, na dirisha lenye jua.

Agosti akirejea, atazame kwanza kabla ya kuchaji. Kifuniko kisipofunga sawasawa, vibonye vikiinuka, au mashine ikiyumba mezani, huenda betri imevimba. Hapo asiichaji, asiibonyeze wala kuitoboa; aipeleke kwa fundi. Akiona ukungu kwenye kioo, akiache wazi chumba kikavu siku nzima. Yote yakiwa salama na bado hakiwaki, akichomeke kwenye chaja yake kwa nusu saa kabla ya kukihukumu kuwa kimekufa.