Rangi Moja, Watu Si Sawa

Natuitazame ramani ya Kenya, kaunti 47 zikipakwa rangi tano kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Lamu, yenye wachache kuliko zote, 143,920. Mchoraji akiligawa pengo hilo mafungu matano sawa, kila fungu huchukua watu 850,000 hivi. Basi Turkana, iliyokuwa na watu 926,976, yapata rangi ile ile hafifu ya Lamu, ingawa yaizidi zaidi ya mara sita. Zaidi ya nusu ya kaunti zaangukia fungu hilo, na rangi ya nne haionekani popote. Rangi isiyotumika ndiyo dalili kwamba mgawanyo haufai.

Agawaye dawa kwa ramani hiyo ataipa Turkana fungu la Lamu. Rangi zikigawiwa kaunti kwa idadi sawa, hizo mbili hutengana. Lakini Nairobi huwa rangi moja na Kiambu, iliyokuwa na watu 2,417,735. Kwa hiyo twasema: usomwe kwanza ufunguo wa ramani, na tarakimu zenyewe ziandikwe kando yake.